Mjamzito Barabarani: Namna ya Kufunga Mkanda, Kuendesha Gari na Kupanda Bodaboda

Wapo wajawazito wanaoacha kufunga mkanda wa gari mara tumbo linapoanza kuonekana, kwa hofu kwamba mkanda utambana mtoto au utamuumiza gari likipiga breki ya ghafla. Hofu hiyo ina chembe ya ukweli, kwa sababu mkanda uliopita katikati ya tumbo kweli unaweza kuleta madhara. Dawa yake, hata hivyo, ni kuushusha mkanda mahali pake, wala si kuuacha ukining'inia pembeni. Mwongozo huu unaeleza mahali hapo ni wapi, kisha unaendelea na usukani, safari ndefu, bodaboda na baiskeli, na unamalizia kwa jambo ambalo naona linapuuzwa kuliko yote: la kufanya baada ya ajali iliyoonekana ndogo.

Kinachotokea ndani ya tumbo gari linapogonga

Hadi kufikia wiki ya 12 hivi, mfuko wa uzazi ungali ndani ya mifupa ya nyonga, na mifupa hiyo humkinga mtoto pande zote. Baada ya hapo mfuko hupanda juu ya nyonga, na kwenye wiki ya 20 kilele chake huwa kimefika usawa wa kitovu. Kuanzia hapo mbele ya mtoto hakuna mfupa. Kuna ngozi, misuli na maji anamoelea.

Ukuta wa mfuko wa uzazi unavutika. Kondo la nyuma, ambalo limeshikamana na ukuta huo na ndilo linalompatia mtoto hewa na chakula, halivutiki kwa kiasi hicho. Pigo likilikuta tumbo, ukuta hunyumbuka na kondo hubaki lilivyo, na pale yanaposhikana linaweza kubanduka, lote au sehemu. Ndiyo maana mtoto anaweza kuwa hatarini ilhali mama hana hata mchubuko. Basi kazi yote ya kufunga mkanda vizuri ni moja: nguvu ya pigo ipokewe na mifupa ya nyonga, kifua na bega, isipokewe na tumbo.

Kutofunga kabisa ni kubaya zaidi. Gari linalokwenda kilometa 40 kwa saa likisimama ghafla, aliyemo ndani bila mkanda huendelea kusonga kwa mwendo uleule mpaka azuiwe na usukani, dashibodi au kiti cha mbele, na nguvu anayokutana nayo ni sawa na ya mtu aliyeanguka kutoka urefu wa mita 6. Mikono haiwezi kuizuia nguvu hiyo hata kama umejishikilia vizuri. Pia, jambo linalomhatarisha mtoto kuliko mengine yote ni mama yake kuumia vibaya.

Kufunga mkanda, hatua kwa hatua

Anza na kiti kabla ya mkanda. Simamisha kiegemeo kiwe karibu wima, kisha sukuma makalio yako hadi mwisho wa kiti ili mgongo wote uegemee. Wajawazito wengi hupenda kulaza kiegemeo kwa sababu tumbo hupata nafasi, lakini mtu aliyelala nyuma huteleza kwenda mbele gari likipiga breki, na mkanda uliokuwa mapajani hupanda tumboni wakati ambao ndio haukutakiwa kuwa pale.

Pili, ondoa kilicho katikati ya mkanda na mwili. Sweta nene litolewe au lifunguliwe vifungo. Ikiwa umejifunga kanga kiunoni, sogeza fundo lake pembeni au nyuma, kwa sababu fundo lililobanwa na mkanda huwa kama jiwe linalosukumwa kwenye sehemu ya chini ya tumbo.

Tatu, tafuta mifupa yako. Weka vidole kiunoni na uvishushe kwenda mbele na chini. Utagusa nundu mbili za mfupa wa nyonga, moja kila upande. Sehemu ya chini ya mkanda inatakiwa kupita kwenye nundu hizo au chini yake kidogo, ikilala sehemu ya juu ya mapaja. Inua tumbo kidogo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili upitishe mkanda chini yake, kisha ubonyeze kwenye kifungio hadi usikie mlio.

Nne, vuta sehemu ya begani kuelekea juu ili ulegevu wote wa sehemu ya chini uondoke. Mkanda uliokaa sawa unagusa mwili lakini haukati, na vidole viwili vilivyolala vinaweza kupita chini yake. Sehemu hiyo ya juu ipite katikati ya mtulinga, ishuke kati ya matiti, kisha ipinde ubavuni mwa tumbo. Ikiwa inakukera shingoni, angalia kama nguzo ya mlango ina kitelezi cha kushusha mkanda. Kama hakipo, inua kiti ikiwa kinainuka, au hamia kiti kingine. Usiupitishe mkanda chini ya kwapa wala nyuma ya mgongo: kwapani unaweza kuvunja mbavu na kubana tumbo la juu, na ukiwa nyuma ya mgongo umebakiza mkanda wa chini peke yake, nao unamwacha mtu akunjike kwa nguvu juu ya tumbo lake.

Wengine huweka klipu au kibanio cha nguo kwenye mkanda ili ubaki umelegea. Kiondoe. Ulegevu wa upana wa kiganja unatosha kuuacha mwili upate mwendo kabla ya kukamatwa, na hapo mkanda hupiga badala ya kushika.

Hatua hizi haziishi ukishafunga. Mkanda hupanda kila unapogeuka kuzungumza na wa nyuma au gari linapoparamia tuta, hivyo jizoeze kuupapasa na kuushusha. Kwenye barabara ya mashimo mimi ningeuangalia kila baada ya dakika chache.

Liko tatizo jingine katika magari yetu mengi yaliyotumika, hasa viti vya nyuma: fundi aliyeweka siti kava amefunika vifungio, au vimezama katikati ya viti. Ukipanda teksi ya mtandaoni, ingiza vidole kwenye ufa ulio kati ya kiti na kiegemeo, utakikuta kifungio kimelala humo. Chagua kiti cha nyuma cha pembeni chenye mkanda unaotoka begani, kwa kuwa kiti cha katikati katika magari mengi kina mkanda wa kiunoni tu. Ikiwa hakuna mwingine, mkanda huo wa kiunoni uliowekwa chini kabisa ya tumbo bado ni bora kuliko kukaa bila chochote.

Ukiwa nyuma ya usukani

Mjamzito mwenye afya njema anaweza kuendesha gari, na wengi huendesha hadi miezi ya mwisho. Kinachomwekea mpaka ni nafasi. Kati ya mfupa wa kifua na katikati ya usukani pawe na angalau sentimita 25. Chukua karatasi ya kawaida ya ofisini ya A4, ambayo urefu wake unakaribia sentimita 30, uishike wima kati ya kifua na usukani: ikipita bila kukunjika, una nafasi ya kutosha. Kipimo hiki kirudiwe kila baada ya wiki mbili hivi katika miezi mitatu ya mwisho, kwa sababu nafasi iliyotosha mwezi uliopita huenda isitoshe leo.

Ukisogeza kiti nyuma, hakikisha mguu bado unaikanyaga breki, na klachi kama gari ni la gia, hadi mwisho huku goti likiwa limekunjika kidogo. Wanawake wafupi hupata shida hapa: wakikaa mbali na usukani hawafikii pedali, na wakizifikia tumbo linagusa usukani. Usukani unaoinuka uinuliwe uelekee kifuani, usielekee tumboni. Ikiwa hata hivyo vipimo viwili havikubaliani, hapo ndipo mahali pa kumwachia mwingine usukani, bila kujali mimba ina wiki ngapi.

Mfuko wa hewa, ambao mafundi wetu huuita eabegi, usizimwe kwa sababu ya ujauzito. Unafanya kazi pamoja na mkanda, na madhara yake huwapata zaidi wale waliokaa karibu mno au wasiofunga mkanda. Ikiwa taa yake imewaka muda wote kwenye dashibodi, maana yake mfumo una hitilafu na huenda usifunguke. Mpelekee fundi wa umeme wa magari.

Ziko siku ambazo hupaswi kuendesha hata kama nafasi inatosha. Kichwa kinachouma sana pamoja na macho kuona ukungu au vimulimuli, hasa baada ya wiki ya 20, kinaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba kinachokaribia. Hiyo ni safari ya kwenda hospitali, na dereva awe mtu mwingine. Kizunguzungu, njaa na kukosa usingizi navyo vinatosha kukuweka kiti cha abiria. Dawa za kuzuia kutapika, kama promethazini, huleta usingizi mzito, kwa hiyo uliza mhudumu kabla ya kuondoka dirisha la dawa. Na uchungu ukianza, usijiendeshe kwenda kujifungua.

Safari ndefu

Katika ujauzito damu huganda upesi kuliko kawaida, na kukaa muda mrefu miguu ikining'inia kunaweza kusababisha bonge la damu kwenye mshipa wa mguu. Kanuni rahisi ni kusimama na kutembea dakika chache angalau kila baada ya saa 2. Safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro, kwa mfano, ni takriban kilometa 190, na ukitoka na foleni inaweza kukuchukua muda mrefu kuliko ulivyopanga. Basi panga kabisa kusimama Chalinze, ushuke, uende haja ndogo, unywe maji na utembee. Usijinyime maji kwa kuogopa kukojoa, kwa sababu upungufu wa maji huongeza hatari ya damu kuganda na unaweza kuleta mikazo ya tumbo. Mkiwa mnakwenda, zungusha vifundo vya miguu na kunyoosha vidole. Taulo dogo lililokunjwa na kuwekwa kwenye upinde wa kiuno hupunguza maumivu ya mgongo bila kuuharibu ukaaji wa mkanda. Mguu mmoja ukivimba, ukauma kwenye shavu la mguu na kupata joto, usiukande, nenda hospitali.

Tangu mwaka 2024 abiria wa Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma wana treni ya umeme ya SGR, na kwa mjamzito wa miezi ya mwisho naipendelea kuliko basi: unaweza kuinuka, kutembea na kwenda chooni bila kumwomba mtu asimamishe chombo.

Katika basi, chagua kiti chenye mkanda unaofanya kazi, karibu na katikati ya gari, kwa maana viti vya juu ya magurudumu na vya nyuma kabisa hurusha zaidi. Katika daladala ambayo haina mikanda, mwambie konda mapema kwamba wewe ni mjamzito na unahitaji kukaa, na usisimame kabla gari halijatulia kituoni. Usiweke begi zito mapajani, kwani breki ikishikwa ndilo litakaloligonga tumbo.

Bodaboda

Ushauri ulio salama ni kuacha pikipiki kabisa mfuko wa uzazi unapopanda juu ya nyonga, yaani baada ya wiki ya 12, na kutumia bajaji, teksi au kutembea. Pikipiki haina mkanda, haina bodi ya kukukinga, na mwili wenyewe umebadilika: uzito umehamia mbele, viungo vya nyonga vimelegea kwa sababu ya homoni, na usawa wako si ule wa zamani. Hata hivyo najua kwamba vijiji vingi havina chombo kingine cha kumfikisha mama kliniki, na mama atapanda. Basi apande hivi.

Kwanza, tuondoe hofu isiyo mahali pake. Inasemwa mara nyingi kwamba mtikisiko wa bodaboda ndio unaoharibu mimba changa. Mimba nyingi zinazotoka katika miezi mitatu ya kwanza hutoka kwa sababu kiini chenyewe hakikuumbika sawa, si kwa sababu ya mashimo ya barabarani, na mama asibebeshwe lawama hiyo. Hatari kubwa ya pikipiki ni kuanguka na kugongwa. Asiyepaswa kupanda hata kidogo ni yule aliyewahi kutokwa damu katika mimba hii, aliyeambiwa kondo lake limekaa chini, au aliyeonywa kuhusu uchungu wa mapema.

Chagua dereva unayemfahamu, mwenye kofia ngumu mbili, na mwambie kabla hujapanda: "Kaka, mimi ni mjamzito, twende taratibu, na kwenye tuta usimame kabisa." Dereva mzuri hujibu, "Sawa mama, usijali," na utamwona anavyolikabili tuta la kwanza. Akilirukia, mwambie asimame ushuke. Nauli utakayoongeza kwa mwendo wa polepole ni ndogo. Kataa mishikaki: ndoo, mtoto na abiria wa pili wasubiri.

Panda upande wa kushoto, kwa sababu kwenye pikipiki nyingi zinazotumika kwa bodaboda ekzosi iko kulia na huunguza shavu la mguu. Kaa kwa kupanua miguu, nyayo zote mbili zikiwa juu ya vikanyagio, si upande. Najua kukaa upande ndiko kunakoonekana kwa heshima kwa mama aliyevaa gauni au dira, lakini uzito wote huwa upande mmoja na huna pa kukaza miguu. Vaa suruali pana au taiti ndani ya gauni, na tatizo la sitara litakuwa limekwisha. Kusanya ncha za baibui, mtandio na kanga, uzikalie au uzifunge, kwa maana kitambaa kinachopepea hunaswa na mnyororo au spoki za gurudumu la nyuma na kumvuta aliyekivaa chini. Shika chuma cha nyuma cha kiti kwa mkono mmoja na bega la dereva kwa mwingine, na acha nafasi ndogo kati ya tumbo na mgongo wake, ili akipiga breki usimgonge kwa tumbo. Kofia ngumu ikazwe kamba chini ya kidevu. Iliyowekwa tu kichwani hutoka kwa pigo la kwanza.

Bajaji ina magurudumu matatu, na unakaa ndani yake ukiwa umeegemea. Ni nafuu, ingawa nayo hupinduka ikikata kona kwa kasi. Kaa katikati ya kiti cha nyuma na ushike chuma cha mbele yako.

Baiskeli

Anayeendesha baiskeli kila siku anaweza kuendelea katika miezi ya mwanzo kwenye njia tambarare isiyo na magari mengi. Shusha tandiko hadi nyayo zote mbili ziguse chini ukiwa umekaa, na inua usukani ili mgongo usiinamie tumbo. Asiyekuwa na mazoea asianze sasa. Alama ya kuacha ni ile siku ya kwanza unapoyumba wakati wa kupanda au kushuka, au magoti yanapoanza kuligusa tumbo. Kubebwa kwenye karia ya nyuma, ambako huna pa kuweka miguu, ni jambo ambalo ningeliacha tangu mwanzo.

Baada ya kugongwa au kuanguka

Chukua mama mwenye mimba ya wiki 31, amekaa kiti cha mbele cha gari dogo, amefunga mkanda vizuri. Wamesimama kwenye taa, gari la nyuma likawagonga kwa mwendo mdogo. Bampa limebonyea, mama hana jeraha, mtoto alicheza dakika chache baadaye. Mume na dereva wa nyuma wanajadiliana fedha za bampa, na mama anasema yuko sawa, waende nyumbani.

Asiende nyumbani. Aende kwenye kituo kinachoweza kupima mapigo ya moyo ya mtoto na kumwangalia kwa muda, kwa sababu kondo lililoanza kubanduka linaweza kukaa saa kadhaa kabla ya kutoa dalili. Uangalizi unaopendekezwa ni angalau saa 4, na hurefushwa hadi saa 24 ikiwa tumbo linakaza au kuna jingine la kutilia shaka. Afike na kadi ya kliniki, na aeleze mambo matatu: alikuwa amekaa wapi, mkanda ulikuwa umepita wapi, na kama tumbo liligonga kitu. Alama nyekundu ya mkanda juu ya tumbo aionyeshe hata kama haiumi. Ikiwa kadi inaonyesha kundi la damu ni hasi, awakumbushe wahudumu wa zamu, kwa sababu huenda akahitaji sindano ya anti-D ndani ya saa 72 ili kinga ya mwili wake isije ikashambulia damu ya mtoto.

Dalili za kurudi mara moja baada ya kuruhusiwa ni damu ukeni hata kidogo, maji kuvuja, maumivu ya tumbo au mgongo yasiyotulia, tumbo kuwa gumu kama ubao na lisilegee, mikazo inayojirudia, au mtoto kucheza kidogo kuliko kawaida yake. Damu inaweza pia kukusanyika nyuma ya kondo bila kutoka nje, hivyo tumbo gumu lenye maumivu ni dharura hata nguo ya ndani ikiwa kavu.

Kama mama ameumia na hawezi kusimama, msimlaze chali, kwani baada ya wiki ya 20 uzito wa mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na anaweza kuzimia. Mlazeni ubavu wa kushoto. Na ikiwa kuna shaka ya kuumia shingo au mgongo, watu kadhaa wamgeuze kwa pamoja, mwili ukiwa umenyooka, kisha mwekeni kanga zilizokunjwa chini ya upande wa kulia ili abaki ameinamia kushoto. Tanzania Bara, namba 115 ya mfumo wa m-mama hupigwa bila malipo kuomba usafiri wa dharura wa mjamzito. Anayepiga aanze kwa kutaja kwamba majeruhi ana mimba, ni ya wiki ngapi, na mahali walipo.